Miaka 40 ya Excel: Jinsi dashibodi ya mauzo ilivyofika kwenye kikao cha Jumatatu

Tarehe 30 Septemba 2025 programu ya Excel ilitimiza miaka 40 tangu itolewe, wakati huo ikiwa ya kompyuta za Macintosh peke yake. Katika umri huo imezaa kitu ambacho mameneja wengi hukutana nacho kila wiki bila kujiuliza kimetoka wapi: ukurasa mmoja wenye namba kubwa juu, chati nne au tano katikati, na pembeni vitufe vya kuchagua mkoa, mwezi au bidhaa. Hiyo ndiyo dashibodi ya mauzo.

Kuwaketisha wakubwa mbele ya chati ni jambo la zamani kuliko kompyuta. Karne moja iliyopita kampuni ya kemikali ya DuPont, yenye makao yake Wilmington, Marekani, ilikuwa na chumba maalumu cha kazi hiyo. Chati kubwa zilining'inizwa kwenye reli za chuma, zikasogezwa mbele ya wajumbe wa kikao kwa zamu. Nyuma yake kulikuwa na hesabu ya Donaldson Brown, mtaalamu wa fedha wa kampuni hiyo: faida ya mtaji ni faida inayopatikana katika kila dola ya mauzo, mara idadi ya mizunguko ya mtaji kwa mwaka. Faida ikishuka, kikao kiliweza kuona kama tatizo ni gharama au ni mali iliyolala ghalani.

Hatua zilizofuata zinajulikana. VisiCalc ilikuja mwaka 1979, Lotus 1-2-3 mwaka 1983. Ndani ya kampuni ya Lotus, Pito Salas alibuni njia ya kupanga upya jedwali kwa kuhamisha vichwa vyake, na ikatoka mwaka 1991 katika programu ya Improv. Miaka michache baadaye Excel 5 ikaja na PivotTable yake.

Ugomvi ulizuka baadaye, na chanzo chake kilikuwa saa za gari.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wauzaji wa programu walilichukua neno dashibodi kama lilivyo. Wakachora mishale, duara za spidi, taa nyekundu na za kijani, hata vivuli vya kufanya kioo kionekane kinang'aa. Mshauri wa Kimarekani Stephen Few aliwapinga waziwazi. Katika kitabu chake cha mwaka 2006, Information Dashboard Design, alipitia mifano ya wauzaji hao na kuorodhesha makosa 13 ya kawaida. La kwanza lilikuwa dashibodi isiyotosha kwenye skrini moja, kwa sababu anayelazimika kushuka chini ya ukurasa hawezi tena kulinganisha cha juu na cha chini.

Hoja yake dhidi ya duara la spidi ilikuwa ya kiutendaji. Dereva anahitaji kujua spidi ya sasa hivi. Meneja wa mauzo anahitaji kujua wiki hii ikoje ukilinganisha na lengo, na wiki zilizopita zilielekea wapi, na mshale mmoja hausemi lolote kuhusu safari iliyopita. Badala yake Few alibuni chati nyembamba ya mlalo: mstari mnene wa mauzo, alama fupi ya lengo, na nyuma yake rangi hafifu zinazoonyesha kiwango kibaya, cha wastani na kizuri. Kadhaa kati ya hizo hukaa kwenye nafasi ya duara moja.

Few alikuwa sahihi, na inasikitisha kwamba karibu miaka 20 baadaye maofisa bado wanapoteza asubuhi nzima kutengeneza duara hilo. Excel haina chati ya spidi iliyo tayari. Mtu huchukua chati ya Doughnut, huizungusha nyuzi 270, huifuta rangi nusu ya chini, kisha huweka juu yake chati ya Pie yenye kipande chembamba kiwe mshale. Kazi yote hiyo inaonyesha namba moja.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja kimya, katika Excel 2010, pale vilipoongezwa vitufe vya kuchuja vinavyoitwa slaisa. Kabla ya hapo kila PivotTable ilikuwa na kichujio chake. Ukurasa wenye chati sita ukitakiwa kuonyesha Mwanza pekee, mtu alibadilisha vichujio sita kimoja kimoja, au aliandika makro. Slaisa ilifanya kazi hiyo kwa mbofyo mmoja, na kubwa zaidi, ilionyesha wazi kilichochaguliwa. Excel 2013 ikaongeza ya tarehe na kuruhusu slaisa kwenye jedwali la kawaida.

Lakini slaisa haishiki chati zote yenyewe. Lazima uibofye kulia, uingie Report Connections, na uweke alama kwenye kila PivotTable unayotaka iitii. Hapo ndipo vikao vingi hupotoshwa.

Tuchukue msambazaji wa sabuni na mafuta ya kula. Karani alitengeneza chati ya mauzo kwa mkoa kutoka safu A1:H500. Wiki tatu baadaye data imefika mstari wa 620, naye anaongeza chati ya bidhaa kutoka A1:H620. Kwa mtazamaji chati hizo ni ndugu. Kwa Excel ni hifadhi mbili tofauti za data, kwa hiyo PivotTable mpya haionekani kabisa kwenye orodha ya slaisa ya zamani. Jumatatu meneja anabofya Mwanza. Chati moja inashuka hadi milioni 84, nyingine inabaki milioni 312, ambayo ni ya nchi nzima. Zaidi ya hayo, chati ya kwanza haina mistari 120 ya mwisho, na kubofya Refresh All hakuileti, kwa kuwa safu yenyewe inaishia 500.

Dawa ni kuigeuza data kuwa Table kwa Ctrl+T, kuipa jina, tuseme tblMauzo, na kujenga kila PivotTable kutoka jina hilo. Mistari mipya itaingia kila data inapohuishwa, na PivotTable zote zitatumia hifadhi moja. Kisha weka ukaguzi kwenye kona ya dashibodi, ukidhani PivotTable inaanzia A3 na inaonyesha jumla kuu:

```
=GETPIVOTDATA("Mauzo",$A$3)-SUM(tblMauzo[Mauzo])
```

Jibu likiwa 0, jumla iliyo kwenye PivotTable hiyo ni jumla ya data yote. Likiwa jingine, ama kuna kichujio kilichoachwa kikiwa kimewashwa, ama data haijahuishwa. Ukaguzi huu haugundui mauzo ambayo tawi halijaleta, na wiki isiyokamilika bado itaonekana dhaifu ikilinganishwa na wiki nzima. Kwa hiyo tarehe ya mwisho ya data nayo iandikwe juu ya ukurasa.

Tangu mwaka 2015 Power BI imehamishia dashibodi nyingi kwenye mtandao, pamoja na slaisa zake. Mahali ambapo faili la Excel bado linatumwa kwa barua pepe Jumapili usiku, anayelitayarisha na abofye Clear Filter kwenye kila slaisa kabla ya kulihifadhi, na mwenyekiti wa kikao aitazame namba ya ukaguzi kabla ya kumuuliza meneja wa mkoa yeyote kwa nini mauzo yake yameshuka.