Mati kwa hatua tatu, na ulafi wa mcheza drafti

Drafti nilijifunza kwa vizibo vya soda, Kirumba, hapa Mwanza. Na drafti kula ni lazima: kete ikiwa wazi, unaila, hakuna mjadala. Ndiyo maana fumbo langu la kwanza la chesi, nililowekewa na msafiri mwenzangu kwenye meli ya usiku ya Bukoba, lilinitoa jasho hadi tunaziona taa za Kemondo.

Ubao ulikuwa hivi. Weupe: mfalme g1, malkia c4, farasi f7, askari f2, g2 na h2. Weusi: mfalme g8, malkia b2, ngome d8, askari a7, g7 na h7. Weupe wanaanza, mati kwa hatua tatu.

Farasi anaweza kula ngome bure. Nikala. Tena ilikuwa cheki, maana njia ya malkia ilifunguka. Mfalme akakimbilia h8. Nikapeleka malkia f7 kutishia mati. Jamaa akashusha malkia wake b1, na aliyekufa ni mfalme wangu mimi.

"Kaka, hukuhesabu cheki," akasema.

Utaratibu wenyewe ni kukagua cheki zote kwanza, kisha kula, kisha vitisho. Si heshima kwa cheki: ni kwamba inamwachia mpinzani majibu machache, hivyo hesabu inakwisha upesi. Hapa cheki ziko sita tu, kila moja ni farasi kuondoka f7. Tano kati yake ni cheki ya malkia peke yake. Ya sita, farasi h6, ni cheki mbili kwa mpigo, kwa hiyo askari wa g7 hawezi kumla farasi: malkia bado anamlenga mfalme. Lazima mfalme asogee. Akienda f8, malkia f7 ni mati. Akienda h8, malkia anajitoa g8! Mfalme hawezi kumla, farasi analinda. Ngome inalazimika kumla. Farasi anarudi f7, na mfalme amebanwa na watu wake mwenyewe.

Wazo hili la mfalme kukosa hewa limo kwenye kitabu cha Mhispania Lucena, kilichochapwa Salamanca 1497, mwaka mmoja kabla Vasco da Gama hajafika Mombasa na Malindi. Kwenye sataranji ya zamani, ambayo jina lake limebaki kwenye Kiswahili, kujitoa huku kwa malkia kusingewezekana: pale pake alikaa waziri, anayesogea mshazari nyumba moja tu. Malkia wa mbio ndefu alikuwa mgeni enzi za Lucena.

Utaratibu huo una mpaka wake, lakini. Watunzi wa mafumbo tangu karne ya 19 huona kuanza na cheki ni ushamba, hivyo ufunguo wao mara nyingi ni hatua ya kimya inayotishia tu. Kwenye mafumbo yao naanzia mwisho wa orodha. Kwenye mchezo wenyewe naanza na cheki, ingawa mkono wa Kirumba bado unawashwa nikiona ngome iko wazi.