Ashiki na Majina Yake: Sohar, Mombasa na Swali la Pendo Lililopita

Lipo wazo lililoenea sana kuhusu mapenzi ya binadamu, nalo ni kwamba pendo la mwisho ndilo lifichualo ukweli wa mapendo yote yaliyotangulia. Mwanamke aliyekaa na mumewe miaka mingi, kisha akapendana na mwanamke mwenziwe, huambiwa kwamba ndoa yake ilikuwa uwongo tangu mwanzo. Yule aliyependana na mwanamke katika ujana wake, kisha akaolewa, huambiwa kwamba mambo ya ujanani yalikuwa mchezo tu. Hukumu hizi mbili zaonekana kupingana, lakini mzizi wao ni mmoja: zote zachukulia kwamba kila mtu ana ashiki moja tu tangu kuzaliwa hadi kufa, na kwamba jambo lolote lisilolingana nayo ni kosa au udanganyifu. Makala haya yanakusudia kuchunguza wazo hilo lilikotoka, na kisha kulipima kwa habari zilizoandikwa kuhusu miji miwili ya pwani, Sohar ya Omani na Mombasa.

Asili ya wazo hilo haiko mbali sana kiwakati. Mnamo mwaka 1864 mwanasheria wa Kijerumani, Karl Heinrich Ulrichs, alianza kuchapisha vijitabu vya kuwatetea wanaume waliowapenda wanaume. Aliwatungia jina lao maalum, akadai kwamba roho ya kike imezaliwa ndani ya mwili wa kiume. Miaka mitano baadaye, mwaka 1869, Karl Maria Kertbeny alichapisha lile neno la Kijerumani ambalo leo limeingia katika lugha nyingi za dunia kwa maana ya mtu mwenye kuvutiwa na jinsia yake. Yafaa ikumbukwe kwamba maneno hayo yalizaliwa katika mabishano ya sheria. Ufalme wa Prusia uliyaadhibu matendo hayo, na hoja ya Ulrichs ilikuwa kwamba haifai kumwadhibu mtu kwa maumbile yake. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, lakini ilikuwa na gharama yake. Ili maumbile yawe kinga mahakamani, sharti yawe hayabadiliki. Mtu ambaye moyo wake umepata kuelekea huku na kule alikuwa shahidi mbaya katika kesi ya namna hiyo. Ulrichs mwenyewe aliwaona watu hao, akalazimika kuwatungia majina mengine, na orodha yake ikazidi kurefuka. Huenda hiyo ndiyo dalili bora ya kwamba nadharia ina kasoro: kila mtu mpya ajapo, hudai jina jipya.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, suala hilo lilizuka tena mahali ambapo Ulrichs hakupafikiria. Mwaka 1977 mwanaanthropolojia wa Kinorwe, Unni Wikan, alichapisha katika jarida la Man makala kuhusu watu waitwao khanithi katika mji wa Sohar. Wasomaji wa Kiswahili watalitambua neno hilo mara moja, kwa kuwa ndilo hanithi letu, ingawa kwetu limekuja kushika zaidi maana ya mwanamume asiye na nguvu za kiume. Kwa maelezo ya Wikan, khanithi wa Sohar alikuwa mwanamume aliyevaa kanzu ya rangi iliyobanwa kiunoni, si nyeupe ya wanaume wala si vazi la wanawake. Aliketi na wanawake bila ya wao kujistiri mbele yake. Na alilala na wanaume kwa malipo. Hata hivyo jina lake lilibaki la kiume, na katika sarufi ya Kiarabu alizungumziwa kwa viambishi vya kiume. Wikan alikadiria kwamba walikuwapo kama 60 katika mji wenye wanaume wazima wapatao 3,000.

Lililo muhimu kwa mjadala huu ni mwendo wa maisha yao. Wikan aliwakuta baadhi waliokuwa khanithi kwa miaka kadhaa kisha wakawa wanaume hadi kufa. Wengine walibaki khanithi hadi uzee. Na wengine walikwenda na kurudi zaidi ya mara moja. Mlango wa kutoka ulikuwa ndoa. Khanithi aliyeoa akathibitisha mbele ya watu kwamba amemwingilia bibi arusi wake, alihesabiwa kuwa mwanamume kama wengine. Mji haukumdai akiri kwamba siku za nyuma alikuwa akijifanya, wala haukusema kwamba mkewe amedanganywa. Alikuwa khanithi; sasa ni mume. Sentensi hizo mbili zilisimama pamoja bila ya moja kuiangusha nyingine.

Makala hayo yalizua ubishi katika kurasa za jarida hilo hilo. Miongoni mwa waliopinga alikuwemo Gill Shepherd, aliyekuwa amefanya utafiti wake Mombasa, na ambaye mwaka 1987 alitoa maelezo marefu zaidi kuhusu mji huo. Wikan alimwona khanithi kuwa jinsia ya tatu, Shepherd alikataa. Kwa maoni yake, shoga wa Mombasa hakuwa mtu aliyehamia jinsia nyingine, wala msagaji hakuwa mwanamke aliyegeuka mwanamume. Kilichowapanga watu hao, alisema, kilikuwa cheo na mali: nani anamlisha nani, nani anakaa katika nyumba ya nani.

Hoja hii yaonekana vizuri zaidi kwa wanawake. Chukulia mfano wa mwanamke asiye mtu mmoja maalum, ila anayefuata mwendo ulioelezwa na Shepherd. Anaozwa akiwa kijana, kwani bila ya ndoa hahesabiwi kuwa mtu mzima. Baadaye anaachwa, au mumewe anafariki. Sasa ana uhuru ambao msichana hana, lakini hana chakula wala paa. Mwanamke tajiri, mwenye nyumba yake na sauti yake mjini, anamkaribisha, na kati yao panakuwa na mapenzi. Miaka inapita. Pengine anabaki humo, pengine anaolewa mara ya pili. Je, kipi kati ya vipindi hivi kilikuwa cha kweli? Mfuasi wa Ulrichs atasema kwamba ndoa ilikuwa ya kulazimishwa na mapenzi ya baadaye ndiyo maumbile yake. Mwenye kumtetea mume wa pili atasema kwamba kukaa na yule tajiri kulikuwa shida ya riziki tu. Kila mmoja analazimika kuitupa nusu ya maisha ya mwanamke yule ili aihifadhi nusu anayoitaka.

Hapa pana udhaifu katika maelezo ya Shepherd mwenyewe, na haifai kuupita kimya. Alipoonyesha kwamba mali na cheo vilifungua mlango, alikuwa na haki; lakini mlango si kitu kile kile na kinachotokea chumbani baada ya kuingia. Ndoa nyingi za mume na mke pia zimefungwa kwa ajili ya mahari, ukoo na chakula, na hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo wanandoa hao hawakupata kupendana. Mtafiti wa nje huona nani amehama nyumba. Hisia haziwezi kuhesabiwa kwa njia hiyo.

Kazi iliyokaribia zaidi kuzifuatilia hisia zenyewe ilifanywa Marekani. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, mwanasaikolojia Lisa Diamond aliwahoji wanawake vijana ambao hawakujiita wapenda wanaume pekee, kisha akawarudia tena na tena kwa muda wa miaka 10. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2008, wanawake 79 walikuwa wamefuatiliwa hadi mwisho. Thuluthi mbili walikuwa wamebadili jina walilojiita mwanzoni, na thuluthi moja walilibadili mara mbili au zaidi. Wachache walihamia katika kujiita wapenda wanaume, lakini zaidi ya nusu ya hao walirudi tena kabla ya miaka kumi kwisha. Wanawake hao wengi walikuwa Wazungu waliosoma, na hesabu zao haziwezi kuchukuliwa zikapandikizwa Mombasa.

Ubora wa kazi hiyo hauko katika hesabu bali katika mpango wake. Kwa kawaida mtu huulizwa habari za zamani akiwa amekwisha kufika anakokwenda, naye hupanga kumbukumbu zake zilingane na mahali alipo. Aliyeolewa hukumbuka dalili za ndoa, na aliyeachana na wanaume hukumbuka alivyowachoka tangu mapema. Diamond alikuwa na maneno yaliyosemwa wakati ule ule, kabla ya msemaji kujua mwisho wa hadithi. Aliyesema mwaka wa kwanza kwamba anampenda mwanamke fulani, alisema akiwa ndani ya pendo hilo. Mabadiliko ya mwaka wa nane yanaleta habari za mwaka wa nane. Hayana mkono wa kufikia nyuma na kufuta yaliyorekodiwa. Aidha, si kila aliyebadili jina alibadilika moyo. Wapo walioacha jina kwa kuwa limekuwa jembamba, ilhali mvuto wenyewe ulikuwa pale pale.

Matokeo haya yaliwahi kutumiwa vibaya, na Diamond alilipinga hadharani jambo hilo. Wapo waliodai kwamba ikiwa ashiki inaweza kubadilika, basi yaweza kubadilishwa kwa tiba au kwa shuruti. Hiyo si hoja moja bali mbili zilizofumbatwa pamoja. Mto huhama njia yake, lakini haufuati amri ya mtu. Mfano wa kosa hilo ni utafiti wa daktari Robert Spitzer, uliochapishwa mwaka 2003, ambamo watu 200 waliulizwa kwa simu kama tiba iliwabadilisha. Wote walikuwa wakieleza ya nyuma, na wengi walikuwa na sababu ya kutaka kuamini kwamba wamefaulu. Mwaka 2012 Spitzer alikiri kwamba hakuwa na njia ya kujua kama maelezo hayo yaaminika, akaomba radhi kwa walioumizwa.

Kwa mwanafunzi wa lugha, mambo haya yanarudi kwenye maneno. Kiambishi tamati -ji katika msagaji hutaja mazoea, kama katika msomaji na mwimbaji. Hakitaji maumbile, na aliyeacha kuimba hakanushi nyimbo zake. Vivyo hivyo, kiambishi -li- katika alimpenda huliweka tendo katika wakati wake na kuliacha humo. Ili kulikana, msemaji hana budi kusema hakumpenda, na hayo ni madai mengine yanayohitaji ushahidi wake. Nalo neno shoga, ambalo wanawake wa pwani huitana bila ya kusitasita, ndilo hilo hilo linaloweza kumharibia mwanamume jina lake sokoni. Mtunzi wa kamusi anayeziandika maana hizo mbili bega kwa bega huacha nje maana ya tatu, isiyosemwa kwa sauti: kwamba aliyepata kuitwa hivyo mara moja, ameitwa hivyo milele.