Asilimia Mbili: Historia Fupi ya Deni Lisiloisha

Mwezi Septemba 1958 Benki ya Amerika iliwatumia wakazi wapatao 60,000 wa mji wa Fresno, jimbo la Kalifornia, kadi ambazo hawakuziomba. Jambo jipya halikuwa kununua kwa mkopo, kwani maduka ya Marekani yalikuwa yakikopesha kwa miaka mingi. Kadi hizo ziliruhusu deni lisilo na tarehe ya mwisho: mteja alilipa sehemu ya deni, iliyobaki ikatozwa riba, naye akaendelea kukopa.

Deni la namna hiyo huhitaji kanuni moja: mteja alipe angalau kiasi gani kila mwezi? Kwa muda mrefu kiwango cha kawaida kilikuwa kama asilimia 5 ya deni lililobaki. Baadaye kilishushwa hadi asilimia 2, na anayetajwa zaidi katika badiliko hilo ni Andrew Kahr, mshauri wa kampuni za kadi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa. Mtu anayeweza kutenga dola 100 kwa mwezi atabeba deni la dola 2,000 kwa kiwango cha asilimia 5. Kwa asilimia 2 atabeba dola 5,000, na bado atajiona yuko salama. Mteja aliona nafuu, benki ikaona deni kubwa zaidi la kutoza riba.

Tuchukue deni la dola 2,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, yaani asilimia 1.5 kwa mwezi, na tuseme mteja hanunui tena chochote. Mwezi wa kwanza riba ni dola 30. Asilimia 2 ya deni ni dola 40. Analipa arobaini, thelathini zinamezwa na riba, na deni linapungua kwa dola 10 tu.

Wengi wakifika hapo huilaumu riba peke yake. Riba ina sehemu yake, lakini kiini kiko kwenye neno asilimia. Deni likipungua, malipo yanayodaiwa nayo yanapungua. Deni likifika dola 1,000, mteja hudaiwa dola 20, na kati ya hizo ni dola 5 tu zinazopunguza deni. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa kibaba kinakombwa kwa kijiko kinachozidi kuwa kidogo. Kufikia nusu ya deni huchukua miaka 11 na nusu, na nusu ya nusu hiyo miaka mingine 11 na nusu. Kwa hesabu tupu deni lisingeisha kamwe. Linaisha kwa sababu benki huweka kima cha chini, tuseme dola 10, ambacho malipo hayawezi kushuka chini yake. Kwa kima hicho mteja wetu anamaliza baada ya karibu miaka 31, akiwa amelipa riba ya takriban dola 4,930.

Sasa mteja huyohuyo, kwa riba ileile, aseme: mwezi wa kwanza nimelipa dola 40, nami nitalipa dola 40 kila mwezi bila kushuka. Atamaliza katika miezi 94, chini ya miaka minane, kwa riba ya kama dola 1,725. Hakuongeza hata senti moja juu ya malipo yake ya kwanza. Alichokataa ni kuyafuata malipo yanaposhuka.

Riba ikifika asilimia 24 kwa mwaka, asilimia 2 kwa mwezi huishia yote kwenye riba, na deni halisogei. Ikiongezwa faini ya kuchelewa, deni linakua ingawa mteja analipa. Hali hiyo ndiyo iliyowafanya wasimamizi wa mabenki wa Marekani, Januari 2003, kuagiza kwamba kiwango cha chini kipunguze deni katika muda wa kuridhisha. Benki nyingi zikahamia kanuni nyingine: riba yote na faini, pamoja na asilimia 1 ya deni. Kwa mfano wetu malipo ya kwanza yanakuwa dola 50, na kwa kima kilekile cha dola 10 deni linaisha katika miaka 18 na nusu. Ni nafuu kubwa, ila asilimia bado ipo, na malipo bado yanashuka.

Sheria iliyotiwa saini na Rais Obama Mei 2009 haikuigusa kanuni yenyewe. Ililazimisha kila taarifa ya akaunti imwoneshe mteja muda atakaotumia akilipa kiwango cha chini peke yake, na kando yake, kiasi kitakachomaliza deni ndani ya miezi 36. Kwa deni letu kiasi hicho ni kama dola 72 na senti 30. Binafsi naiona kuwa sheria ya woga, kwani imelifichua tundu bila kuliziba. Hata hivyo kwa mara ya kwanza idadi ya miaka iliandikwa karatasini mbele ya mdaiwa, kando ya zile dola chache anazoombwa.