Mrija wa Kundt

Mrija wa Kundt ni kifaa cha kupimia kasi ya sauti katika gesi, kilichobuniwa na mwanafizikia Mjerumani August Kundt mwaka 1866. Fimbo ya shaba nyeupe hubanwa katikati. Ncha yake moja, yenye kisahani, huingia ndani ya mrija wa kioo wenye unga mwepesi mkavu. Fimbo ikisuguliwa kwa urefu kwa kitambaa chenye utomvu wa msonobari, hulia kwa sauti kali. Kizibo cha upande wa pili husogezwa mpaka unga uruke na kujipanga: hukusanyika pale gesi isipotikisika.

Umbali kati ya mafungu mawili jirani ni nusu ya urefu wa wimbi. Ni bora kupima mafungu mengi pamoja, kisha kugawanya. Vijimistari vyembamba kati ya mafungu visihesabiwe. Hapo ndipo wengi hukosea.

Mlio wa fimbo haubadiliki, hivyo uwiano wa umbali huo katika gesi mbili watosha kulinganisha kasi zake. Hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi, ambamo sauti huenda mita 343 kwa sekunde, ikitoa umbali wa sentimita 9.9 kati ya mafungu, na kabonidayoksaidi 7.7, basi kasi katika kabonidayoksaidi ni 343 × 7.7 ÷ 9.9, takriban mita 267 kwa sekunde. Unga wenye unyevu hunata, na kipimo huharibika.