Ukirukiwa na mafuta ya moto: maji dakika 20 kwanza

Mkoani kwetu Singida, mafuta ya alizeti yapo karibu kila jikoni. Msikilizaji, leo tunaeleza la kufanya yanapokurukia.

Mafuta ya kukaangia hufika nyuzi 170 au zaidi, wakati maji yanachemka kwenye 100. Tena mafuta hunata kwenye ngozi, kwa hiyo joto linaendelea kuingia ndani hata baada ya wewe kuondoka jikoni. Dawa ya kwanza ni kulitoa joto hilo.

Tuchukue mfano wa mama anayekaanga maandazi. Andazi linatumbukia kwa nguvu na mafuta yanamrukia mkononi. Kwanza anasogea mbali na karai. Anavua bangili na pete kabla mkono haujavimba, na nguo iliyolowa mafuta pia. Nguo iliyoganda kwenye ngozi haivutwi.

Kisha anamimina maji ya kawaida juu ya jeraha kwa dakika 20. Tunajua maji ni ya shida vijiji vingi, lakini ndoo moja ya lita 20 inatosha: jagi la lita moja kila dakika, polepole. Achukue maji ya mtungini au yaliyokaa kivulini; yaliyoshinda juani ni ya moto. Barafu isitumike, huumiza ngozi zaidi. Hata kama amechelewa, maji bado yanasaidia ndani ya saa tatu za kwanza.

Wengi hukimbilia dawa ya meno, yai, unga, chumvi au mafuta. Vitu hivi hufungia joto ndani au huingiza vijidudu, na mganga akitaka kuona jeraha lazima avikwangue kwanza. Acha.

Baada ya maji, funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, bila kukaza. Kipande cha khanga iliyofuliwa na kupigwa pasi kinafaa. Paracetamol hupunguza maumivu. Malengelenge yasipasuliwe, kwa sababu ngozi ile ndiyo kinga ya jeraha.

Nyumbani unaweza kutunza jeraha dogo tu. Baada ya kulimwagia maji, nenda zahanati au kituo cha afya ikiwa:

- jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, pamoja na vidole vyake;
- limepata uso, kiganja, nyayo, kiungo au sehemu za siri;
- ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi, au haina maumivu kabisa (hiyo ni dalili ya kuungua kwa ndani, si nafuu);
- aliyeungua ni mtoto mdogo, mzee au mgonjwa wa kisukari.

Ukiwa hapo, uliza kuhusu chanjo ya pepopunda.

Siku zinazofuata, angalia jeraha. Wekundu ukizidi kutambaa, usaha au harufu ikitoka, au homa ikipanda, jeraha limeingiliwa na vijidudu. Usingoje kesho.