Mteguko: istilahi kwa prompti inayohamia modeli mpya

Watengenezaji wa programu wana neno moja la Kiingereza, lenye asili ya Kilatini, wanalolitumia pale kitu kilichokuwa kikifanya kazi jana kinapogoma leo baada ya mabadiliko. Maana yake ya mizizi ni kurudi nyuma. Kwa hiyo wafasiri wetu wengi huandika "urudinyuma" au "jaribio la kurudi nyuma", na wengine huandika tu "rigresheni". Kwa programu za kawaida sina ugomvi nao sana, maana hitilafu iliyokwisha kurekebishwa ikijitokeza tena, kweli tumerudi tulikotoka. Ugomvi wangu unaanza neno hilo linapopelekwa kwenye modeli za lugha, ambako linamfundisha msomaji kutazama mahali pasipo na tatizo.

Kwanza niseme ninachokiita prompti. Ni yale maelekezo yaliyoandikwa kwa lugha ya watu, ambayo programu huyatuma kwa modeli pamoja na ujumbe wa mteja. Nimeona tafsiri za mashine zikiliita "haraka", na hilo ni kosa la kuchukua maana nyingine ya neno. "Dokezo" halifai, kwa kuwa prompti ya kazini haidokezi kitu, inaagiza. Nitabaki na prompti, kama wanavyosema wanaoishika kila siku.

Sasa turudi mwaka 2023. Modeli ya GPT-4 ilikuwa na toleo la Machi, `gpt-4-0314`, na toleo la Juni, `gpt-4-0613`. Aliyeandika jina fupi, `gpt-4`, alikuwa amefuata kibao cha njia kinachoweza kugeuzwa. Mwishoni mwa Juni kibao hicho kiligeuzwa kuelekea toleo jipya, hata kama yeye hakugusa herufi moja ya programu yake. Watafiti wa Stanford na Berkeley walilinganisha matoleo hayo mawili. Katika maswali mepesi 50 ya kuandika programu, majibu yaliyoweza kuendeshwa moja kwa moja yalikuwa asilimia 52 kwa toleo la Machi, na asilimia 10 tu kwa lile la Juni. Wengi walipaza sauti kwamba modeli imepungua akili.

Haikuwa hivyo. Toleo la Juni lilikuwa limeanza kuizungushia programu alama za kuipamba, mstari mmoja juu na mmoja chini. Zikiwa kwenye dirisha la mazungumzo, alama hizo humpendeza msomaji. Zikiingia kwenye mashine inayosubiri programu tupu, kazi inakwama mstari wa kwanza. Jibu lilikuwa zima na mashine ilikuwa nzima, ila havikukutana tena pale vilipozoea kukutana.

Kiswahili kina neno la hali hiyo, na mtoto yeyote aliyecheza mpira analijua: mguu umeteguka. Mfupa haujavunjika, na pango lake halijaharibika. Kilichotokea ni kwamba kiungo kimetoka mahali pake. Napendekeza basi tuseme mteguko kwa badiliko la tabia ya modeli linaloachanisha jibu na kile kinacholitegemea, na majaribio ya mteguko kwa kazi ya kulitafuta badiliko hilo kabla mteja hajaligundua. Atakayesema neno hilo tayari ni la waganga, nitamkumbusha kwamba virusi navyo vilikuwa vya waganga, na hakuna anayepeleka kompyuta yake hospitali.

Faida ya neno hili inaonekana kazini. Tuchukue mfano wa kampuni ya mabasi ya masafa marefu inayopokea ujumbe wa abiria kwa simu. Prompti yake inaiagiza modeli isome ujumbe, itambue abiria anataka nini, kisha iandike jibu fupi la `JSON` ambalo programu ya tiketi italisoma, lenye pia sentensi ya kumjibu abiria. Abiria anaandika: "Naomba mnisogezee safari, nipande la kesho saa tatu asubuhi." Jibu linalotakiwa, bila sentensi hiyo, ni hili:

```
{"ombi": "kubadili_safari", "saa": "09:00"}
```

Modeli ya zamani ilikuwa ikisoma saa tatu kama 03:00. Mwandishi wa prompti alipoligundua hilo, aliweka kiraka: "Saa za wateja ni za Kiswahili. Ongeza saa 6 kabla ya kuandika." Tatu na sita ni tisa, mambo yakatulia, na miezi ikapita. Kisha mwenye modeli akatangaza kwamba toleo hilo litaondolewa, na kampuni ikalazimika kuhama. Toleo jipya linaelewa lenyewe kwamba saa tatu asubuhi ni 09:00. Halafu linakutana na agizo la kuongeza saa 6, na kwa utiifu wote linaongeza:

```
{"ombi": "kubadili_safari", "saa": "15:00"}
```

Hapa ndipo "kurudi nyuma" inapopotosha kabisa. Modeli imesonga mbele, na kosa limezaliwa na uelewa wake mpya ulipokutana na kiraka cha zamani. Tena ni kosa lisilopiga kelele. Jibu lina umbo sahihi, na 15:00 ni saa halali. Kama kampuni ina basi la saa tisa alasiri, programu ya tiketi inalipokea bila kusita. Wa kwanza kujua ni abiria, amesimama stendi ya Mbezi saa mbili na nusu asubuhi na mizigo yake, akiambiwa basi lake bado.

Kulinasa kosa kama hilo kunaanza na mkusanyo wa ujumbe halisi wa wateja, majina na namba za simu zikiwa zimefutwa, kila mmoja ukiwa na jibu sahihi lililoandikwa na mtu anayeijua kazi. Tuseme ni 100. Uwe na saa za asubuhi, za usiku na za alfajiri, uwe na makosa ya tahajia na lugha ya mtaani, na uwe pia na ujumbe ambao haukutaja saa kabisa. Huo wa mwisho husahaulika. Hata utafiti ule wa 2023 ulikuwa na swali la namba tasa, na namba zote zilizotumika mwanzoni zilikuwa tasa kweli. Wahakiki wa Princeton walipojaribu namba zisizo tasa, walikuta kwamba toleo la Machi lilipenda kujibu "ndiyo" karibu kila mara na la Juni lilipenda kujibu "hapana", na kwamba hakuna lililokuwa likikokotoa. Kipimo chenye jibu la aina moja hakitofautishi anayejua na anayebahatisha.

Hatua inayofuata wengi huiruka: pima toleo la zamani dhidi yake lenyewe. Tuma ujumbe wote 100 mara mbili kwa modeli ileile na prompti ileile. Modeli hizi hazijibu sawasawa kila mara, hata kipimo cha kubahatisha kikiwekwa sifuri. Ukikuta majibu 4 yametofautiana, hayo ndiyo mawimbi ya kawaida ya bahari yako, na bila kuyajua utahangaika na kila kitu kitakachotikisika kwenye toleo jipya.

Ndipo uhamishe prompti kama ilivyo, bila kugusa neno. Najua kishawishi cha kuipiga pasi wakati wa kuhama. Ukibadili modeli na maneno siku moja, hutajua kipi kimetegua kiungo. Katika mfano wetu duru ya kwanza inaanguka yote 100, kwa sababu ya mapambo yaleyale:

````
```json
{"ombi": "kubadili_safari", "saa": "15:00"}
```
````

Anguko kubwa namna hiyo ni rahisi, kwa kuwa linaonekana. Programu inafundishwa kuondoa alama hizo, au modeli inabanwa itoe umbo lililopangwa tu, na duru inarudiwa. Sasa majibu 19 yanatofautiana na ya zamani. Hayo si makosa 19, na mtu hana budi kuyasoma moja moja. Tuseme 11 ni tofauti ya maneno katika sentensi anayoandikiwa abiria, isiyobadili maana. Mawili yanaonyesha toleo jipya likiwa sahihi, na lile la zamani lilikuwa likikosea miezi yote bila mtu kujua. Moja ni abiria aliyeuliza basi linafika saa ngapi. Toleo jipya limekataa kumjibu, kwa sababu prompti inasema "usitoe ahadi yoyote" na lenyewe linashika maneno kama yalivyoandikwa, wakati la zamani lilielewa kwamba ratiba si ahadi. Yaliyobaki, 5, yote ni ya saa, na yote yamezidi kwa saa sita kamili. Tofauti inayojirudia kwa kiasi kilekile ni alama ya kidole: nenda katafute kwenye prompti namba hiyo ilikotoka.

Dawa ni kuondoa kiraka na kusema unachotaka badala ya kusema namna ya kukipata: "Andika saa kwa mtindo wa saa 24. Mfano: saa tatu asubuhi ni 09:00, saa mbili usiku ni 20:00." Viraka vyote vya aina hiyo, vile vinavyoeleza njia kwa sababu modeli ya zamani haikuijua, vikaguliwe namna hiyohiyo, kimoja kimoja, na duru irudiwe baada ya kila badiliko.

Ujumbe 100 ukipita bila kosa hata moja, bado huwezi kudai kwamba makosa hayapo. Kwa hesabu ya kawaida ya takwimu, kosa linalowapata wateja hadi 3 katika 100 linaweza kuwa limejificha humo. Kwa hiyo kabla ya kufungua mlango, nakala za ujumbe unaoingia zitumwe kwa toleo jipya kimyakimya, majibu yake yahifadhiwe bila kumfikia mteja, na yalinganishwe na yale aliyopewa. Kipindi hicho kiguse wikiendi, na ikiwezekana sikukuu, maana abiria wa Desemba haandiki kama wa Machi. Baadaye wateja wachache, tuseme 5 kwa 100, wahamishiwe kweli. Hapo angalia wanaoandika tena ndani ya dakika chache na wanaoomba kuongea na mtu, kwani ongezeko lao hutangulia malalamiko. Jina kamili la toleo la zamani, lenye tarehe yake, libaki kwenye mipangilio hadi siku litakapozimwa, ili kurudi kuwe kazi ya mstari mmoja.

Katika daftari la kazi, tukio lote hilo linaandikika hivi: "Mteguko wa saa, ujumbe 5, zimezidi kwa 6. Chanzo: kiraka cha kuongeza saa. Umerudishwa." Fundi wa zamu ya usiku akilisoma, anajua kwamba modeli haijaharibika, na anajua kiungo cha kushika.