VPN Huficha Nini, na Nini Haiwezi Kukinga

Novemba 2023, wakati wa mitihani ya KCSE, watumiaji wa Telegram nchini Kenya walikuta haifunguki. Waliowasha VPN waliendelea kuitumia kama kawaida. Tangu hapo wako wanaoiona VPN kama hirizi: ukishaivaa, hakuna akuonaye. Sivyo ilivyo.

Chukua mfano wa mtu aliyeketi hotelini Mombasa, akafungua tovuti ya benki yake kwa waifai ya pale. Bila VPN, mwenye waifai haoni nywila yake, kwa kuwa anwani ya benki huanza na `https` na maneno husafiri yakiwa yamefumbwa. Lakini aweza kuona jina la benki na saa aliyoingia.

Akiwasha VPN, simu hufumba hata jina hilo, kisha hutuma kila kitu kwa kompyuta ya kampuni ya VPN, tuseme iko Uholanzi. Kompyuta hiyo ndiyo inayokwenda benki kwa niaba yake. Mwenye waifai sasa huona tu kwamba simu inazungumza na Uholanzi, na kiasi cha data kinachopita. Benki nayo huona anwani ya IP ya Uholanzi. Ndiyo maana Telegram ilifunguka: kampuni ya simu haikuona safari inaishia wapi, basi haikuwa na cha kuzuia.

Hata hivyo siri haikutoweka, imehama mkono tu. Alichokuwa akikiona mwenye waifai, sasa akiona mwenye VPN. Facebook iliinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013. Programu yake ya bure, Onavo Protect, ilinadiwa kuwa ni kinga, kumbe iliipelekea Facebook habari za programu ambazo watu wanatumia. Mwaka 2018 iliondolewa katika duka la Apple. Kwa hivyo kabla ya kupakua VPN ya bure, jiulize mwenyewe anakula wapi.

Yako pia yasiyopita ndani ya VPN kabisa. Simu za kawaida, SMS na M-Pesa ya `*334#` hazitumii intaneti, hivyo kampuni ya simu huziona vilevile. Ukiingia Facebook kwa akaunti yako, Facebook yakujua ni wewe, hata IP ikisema Uholanzi. Na ukitumiwa kiungo cha benki bandia ukaandika PIN, VPN itaifikisha PIN hiyo kwa mwizi salama salimini.

Kujua kama yafanya kazi, andika `what is my ip` kwenye Google kabla ya kuiwasha, kisha baada yake, na ufungue ukurasa mmoja wa majibu. Nambari ikiwa ni ile ile, huna kilichofichwa.